Nusu, thuluthi na robo: boriti moja kutoka gogo la sentimita 30

Gogo la msindano limeshamenywa gome na kulazwa tayari kwa msumeno. Ncha yake nyembamba ni duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Mteja anataka boriti moja nzima ya kubebea paa, yenye nyuso nne zilizonyooka na kona kali zisizo na alama ya gome. Kabla ya mkato wa kwanza, fundi inabidi achore mstatili kwenye uso wa ile ncha, na mstatili huo ndio utakaoamua kiasi gani cha mti kitakuwa boriti na kiasi gani kitatupwa pembeni kama mabanzi.

Swali la kwanza ni la jiometri tupu. Kati ya mistatili yote inayoweza kukaa ndani ya duara hili, upi una eneo kubwa kuliko yote? Jibu ni mraba wenye upande wa sentimita 21.2. Eneo lake ni sentimita za mraba 450, na eneo la duara zima ni 3.1416 × 15 × 15, yaani karibu 707. Kwa hiyo hata mstatili bora kabisa unachukua asilimia 63.7 tu ya uso wa gogo. Zaidi kidogo ya theluthi moja inabaki nje, na hakuna ufundi wa msumeno utakaoipunguza maadamu tunataka kipande kimoja cha pembe nne.

Kwa nini mraba? Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mstatili ukitaka kuwa mkubwa iwezekanavyo, kona zake zote nne lazima ziguse ukingo wa duara, kwa sababu kona isiyogusa inaacha nafasi ya kuupanua. Na kona ya mstatili ina nyuzi 90. Pembe ya nyuzi 90 ambayo kilele chake kiko kwenye ukingo wa duara, na miguu yake inaishia kwenye ukingo huohuo, siku zote hufungua kipenyo kizima. Maana yake ni kwamba ulalo wa mstatili wetu, mstari kutoka kona hadi kona ya mkabala, ni kipenyo chenyewe: sentimita 30, si pungufu wala zaidi, hata mstatili uwe mwembamba au mpana namna gani.

Sasa kata mstatili kwa huo ulalo. Unapata pembetatu mbili zilizo sawa, kila moja ikiwa na kitako cha sentimita 30. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, hivyo pembetatu zote mbili kwa pamoja zina eneo la 30 mara kimo. Kitako hakibadiliki, kwa hiyo kilichobaki kuamua eneo ni kimo peke yake, yaani umbali kutoka kwenye ulalo hadi kona ya tatu. Kona hiyo iko kwenye duara, na sehemu ya duara iliyo mbali zaidi na kipenyo ni ile iliyo juu ya kitovu, kwa umbali wa nusu kipenyo, sentimita 15. Basi eneo haliwezi kuzidi 30 × 15 = 450, na linafika hapo pale tu kona inaposimama wima juu ya kitovu, na hapo pande zote zinakuwa sawa. Sijawahi kuona uthibitisho mfupi zaidi ya huu, nao hauhitaji kalkulasi hata kidogo.

Kwa duara lolote lenye nusu kipenyo r, mraba huo una eneo la 2r² na duara lina πr². Uwiano ni 2/π, na ukubwa wa gogo haubadilishi chochote. Anayetumia 22/7 kama thamani ya pai atapata sehemu 7 kati ya 11, hesabu rahisi kukumbuka ukiwa kazini na sahihi kiasi cha kutosha kwa mbao.

Mpaka hapa inaonekana fundi achore mraba na kazi iishe. Lakini kuna jambo ambalo jibu la "mraba" linalificha: kilele hiki ni bapa sana. Tuziite pande a na b. Kwa kanuni ya Pithagorasi, a² + b² ni 900 kwa kila mstatili ulio ndani ya duara letu. Na kwa kuwa (a − b)² ni a² + b² − 2ab, tunapata:

eneo = 450 − (a − b)²/2

Hasara yote imo katika tofauti ya pande, tena tofauti hiyo imezidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo tofauti ndogo haiumi. Chukua mstatili wa 24 kwa 18. Ulalo wake ni 30 kamili, kwa maana 24² + 18² = 576 + 324 = 900. Pande zinatofautiana kwa sentimita 6 nzima, na macho yanaona wazi kwamba huu si mraba. Hata hivyo eneo lake ni 450 − 18 = 432, pungufu ya asilimia 4 tu ya mraba. Ukiendelea kuunyoosha hadi kimo cha sentimita 28, upana unashuka hadi 10.8, na hapo ndipo maumivu yanapoanza kweli: eneo ni karibu 302, asilimia 43 tu ya duara.

Kwa hiyo fundi ana uhuru mkubwa karibu na mraba. Autumie vipi? Jibu liko kwa mteja, ambaye hakuagiza eneo. Ameagiza kitu cha kubeba paa.

Rula ya mbao ukiilaza bapa na kuibonyeza katikati inapinda mara moja, na ukiisimamisha kwa ubavu inakataa. Mti ni uleule na eneo la mkato ni lilelile, ila kimo kimebadilika. Galileo, katika kitabu alichochapisha mwaka 1638, alieleza kwamba nguvu ya boriti ya pembe nne dhidi ya kuvunjika inakwenda kwa upana mara kimo mara kimo. Hesabu yake ya kiwango halisi cha nguvu haikuwa sahihi, lakini uwiano huo wa umbo umesimama mpaka leo. Kimo kinahesabiwa mara mbili, upana mara moja.

Tupime. Mraba wa 21.2 unatupa upana × kimo² ya karibu 9,546. Mstatili wa 18 kwa 24, ukisimamishwa kwa kimo cha 24, unatupa 18 × 576 = 10,368. Boriti yenye mti pungufu kwa asilimia 4 ina nguvu zaidi kwa karibu asilimia 9. Kwa kazi ya paa, mraba, bingwa wetu wa eneo, umeshashindwa na jirani yake.

Je, 18 kwa 24 ndiyo bora kabisa? Karibu sana, na njia ya kuipata iliyo bora kabisa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu inaunganisha majibu yote kwenye mstari mmoja. Chora kipenyo cha gogo, ukiite AB. Chagua alama P juu yake, kwa umbali x kutoka A. Kwenye P simamisha mstari wa pembe mraba hadi ukate ukingo wa duara. Hapo ndipo kona moja ya mstatili inakaa. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili, kwa umbali uleule kutoka B, ukielekea mkabala. A, B na kona hizo mbili ndizo kona nne za mstatili. Kwa kufananisha pembetatu zilizojitokeza, utaona kwamba upana mara upana ni 30x, na kimo mara kimo ni 30(30 − x). Mistatili yote ya ndani ya duara sasa inatawaliwa na namba moja, x, na kuchagua mstatili ni kuchagua mahali pa kuweka alama kwenye kipenyo.

Ukitaka eneo kubwa, unahitaji x(30 − x) iwe kubwa iwezekanavyo. Namba mbili zenye jumla isiyobadilika zina zao kubwa zaidi zikiwa sawa, kwa hiyo x = 15: alama iko kwenye nusu ya kipenyo, na mraba wetu umerudi.

Ukitaka nguvu, unahitaji x(30 − x)(30 − x). Hapa kuna ujanja mdogo. Badala ya x weka 2x, jambo ambalo linaongeza zao mara mbili bila kubadilisha mahali pa kilele. Sasa namba tatu 2x, 30 − x na 30 − x zina jumla ya 60 siku zote, na zao lao ni kubwa zaidi zote zikiwa 20. Hivyo x = 10. Alama iko kwenye thuluthi ya kipenyo. Upana unatoka 17.3, kimo 24.5, na eneo ni 424, yaani asilimia 60 ya duara. Thamani ya upana × kimo² ni 10,392, nayo inaipita ile ya 18 kwa 24 kwa tofauti ambayo hakuna kipimo cha karakana kitakachoiona.

Na ikiwa shida si kuvunjika ila kubonyea, yaani paa linaloshuka katikati na kupasua dari ingawa boriti ni nzima, basi kimo kinahesabiwa mara tatu. Kwa ujanja uleule, namba nne 3x, 30 − x, 30 − x na 30 − x zinakuwa sawa pale x inapokuwa 7.5, robo ya kipenyo. Mstatili huo una upana wa 15 na kimo cha karibu 26. Ukilinganishwa na mraba, ugumu wake dhidi ya kubonyea ni zaidi kwa karibu asilimia 30, ila eneo limeshuka hadi asilimia 55 ya duara. Hapo mtu analipia kwa mti, na kwa chumba cha kawaida mimi nisingefika huko.

Nusu kwa eneo, thuluthi kwa nguvu, robo kwa kutobonyea. Kuchora hakuhitaji kikokotoo. Tepu, kamba na skwea vinatosha. Kwa gogo letu, fundi anapima sentimita 10 kutoka kila mwisho wa kipenyo, anasimamisha mistari miwili ya pembe mraba, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja ukiwa na urefu wa karibu sentimita 14.1, kisha anaunganisha kona.

Kinachoharibika mara nyingi hutokea kabla ya chaki. Kosa la kwanza ni kupima juu ya gome. Gome la sentimita moja tu kila upande linafanya gogo la 28 lionekane la 30, na eneo la mraba halisi linashuka kutoka 450 hadi 392, kwa sababu eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Ishara yake inaonekana baada ya kupasua: kona zote nne, au kadhaa kati yake, zinatoka na utepe wa gome au mviringo badala ya ukali. Kona moja tu ikiwa hivyo, basi kipimo huenda kilikuwa sahihi lakini mstatili haukukaa katikati. Kabla ya kukata, pima milalo yote miwili: lazima iwe sawa, na kila mmoja uwe sawa na kipenyo. Ikiwa ni sawa lakini mifupi kuliko kipenyo, kuna mti unaachwa bure.

Kosa la pili ni kusahau kwamba mti unanenepa kuelekea shinani. Tuseme upande mnene wa gogo letu una kipenyo cha sentimita 34. Anayerudia kanuni ya thuluthi upande huo atapata mstatili wa 19.6 kwa 27.8, na akikata kwa kuunganisha alama za ncha mbili atapata boriti inayokonda kama mkuki. Mstatili wa ncha nyembamba ndio unaohamishiwa upande mnene kwa vipimo vilevile, ukiwekwa katikati, na kimo chake kikiwa wima sawasawa kwa timazi pande zote mbili, la sivyo boriti itatoka imejisokota. Hapa pia ndipo asilimia 63.7 inapogeuka ahadi isiyotimizwa. Ukihesabu ujazo wa gogo zima kutoka 30 hadi 34, wastani wa eneo la mkato ni karibu sentimita za mraba 805, na mraba wa 450 unakuwa asilimia 56 tu ya mti uliobebwa kutoka msituni. Gogo likiwa limepinda, asilimia hiyo inashuka tena.

Miti mingine si duara hata kidogo. Iliyoota kwenye mteremko au penye upepo wa upande mmoja hutoka na mkato wa duaradufu. Tuseme kipenyo kirefu ni 32 na kifupi 28. Fikiria duara lililovutwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine: kila eneo lililo ndani yake limeongezeka au kupungua kwa uwiano mmoja, kwa hiyo mstatili mkubwa zaidi bado unachukua 2/π ya umbo zima. Ila hauko tena mraba. Kila kipenyo kinagawanywa kwa 1.414, na unapata 22.6 kwa 19.8, upande mrefu ukifuata kipenyo kirefu. Ni zawadi ya mti kwa anayetafuta boriti, maana kimo kimejitokeza chenyewe bila kupoteza eneo.

Mtu wa pwani anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na mstatili. Boriti za mikoko zimebeba dari za nyumba za mawe kwa karne nyingi zikiwa na umbo lao la mviringo, na hesabu inawaunga mkono waliozitumia. Nguzo ya mviringo ya sentimita 30 ina nguvu kubwa kuliko mstatili wowote unaokatwa kutoka humo: hata ule wa thuluthi unabaki na asilimia 65 tu ya nguvu ya nguzo nzima, na mraba unabaki na asilimia 60. Kupasua hakuongezi nguvu. Kunatoa nyuso bapa, ambazo bati, papi na misumari ya siku hizi vinazihitaji, na nguvu iliyopotea ndiyo bei yake.

Yamebaki mabanzi, na hapa mraba unapata nafasi ya kujitetea. Ukikata mraba, unapata mabanzi manne yanayolingana, kila moja likiwa na unene wa sentimita 4.4 katikati. Chukua msumeno unaokula milimita 5 kwa kila mkato, na mbao za unene wa sentimita 2.5, yaani inchi moja. Kila banzi linatoa ubao mmoja wenye upana wa sentimita 12.6. Mbao nne zinaongeza eneo la 126, na jumla inapanda hadi 576, zaidi ya asilimia 81 ya duara. Ukikata 18 kwa 24, mabanzi ya juu na chini ni membamba mno, sentimita 3, hayatoi ubao wowote. Lakini yale mawili ya ubavuni yana unene wa sentimita 6, na kila moja linatoa ubao mmoja wa sentimita 18, upana ambao unauzika vizuri kuliko 12.6. Jumla ni 432 + 90 = 522, karibu asilimia 74.

Mwenye kinu anayeuza kwa ujazo, bila kujali kipande kitatumikaje, ana haki ya kuchora kwenye nusu. Mteja wetu lakini amekuja na chumba chake na uzito wa paa lake, na atalipa boriti kwanza. Kwake fundi achore 18 kwa 24, jirani wa karibu kabisa wa thuluthi, asimamishe kimo cha 24 wima, na apasue mabanzi ya ubavuni kuwa mbao mbili za inchi moja. Njia ya msumeno haitaigusa boriti, kwa sababu mikato yote minne inapita upande wa nje wa chaki, na vumbi lake linatoka kwenye mabanzi.